Nyongeza Tano za Phares Oketch

Phares Oketch alikuwa na slipu zake zote za mshahara. Wenzake pale kiwanda cha maboksi zao walizifungia mandazi, wengine wakawapa watoto wachoree nyuma, yeye akazihifadhi mwezi baada ya mwezi ndani ya bahasha kubwa ya picha ya eksirei, ile ya goti lake la mwaka alipoteleza kwenye gundi. Ukimwuliza za nini, atakuambia mtu asiyetunza karatasi hana ushahidi siku ya kesi. Basi siku ya kesi ilifika, na kesi yenyewe alikuwa ameifungua yeye mwenyewe, dhidi ya mkewe.

Maurine alikuwa ameondoka nyumbani kwao Kaloleni wiki tatu zilizopita, akaenda kwa dada yake Clare kule Donholm. Hakufukuzwa kwa fimbo. Alifukuzwa kwa neno, na neno lilikuwa mwizi. Phares alilisema mbele ya binti yao Akech na mbele ya mwenye duka, na kutoka hapo Maurine alirudi nyumbani. Alipanga nguo zake akafunga mlango taratibu, akaenda. Sasa watu wa Maurine walikuwa wamemwita Phares Donholm siku ya Jumamosi, aje aseme mke wake ameiba nini. Asipoeleza vizuri, ndoa ya miaka ishirini na sita imekwisha. Akieleza vizuri, alivyoona yeye, Maurine ataomba msamaha na kurudi.

Ili uelewe mtu mzima alivyofika hapo, lazima uijue nyumba ya Phares. Si hii ya Kaloleni alimozaliwa, ya vigae vyekundu, ambayo baba yake alipewa na Reli na ambamo bado wanaishi kwa hisani ya kaunti. Nyumba ninayosema iko Gem, haina paa, kuta zimefika juu ya madirisha na nyasi zimeota sebuleni.

Baba yake Phares alifanya kazi ya Reli maisha yake yote bila kujenga nyumbani. Alipofariki, mwili ulisafirishwa hadi Gem, na kwa kuwa mtu mzima hawezi kulazwa uwanjani kama mgeni, wajomba walisimamisha kibanda cha udongo kwa siku mbili ili maiti ipate mahali pa kulala usiku wa mwisho. Udongo ulikuwa mbichi bado. Mvua ikanyesha, ukuta mmoja ukateremka juu ya jeneza, na kuna binamu aliyecheka. Phares alikuwa na miaka thelathini na moja. Kicheko kile hakikumtoka masikioni, na aliapa pale pale kwamba yeye hatalala kwenye udongo mbichi.

Kutokana na kiapo hicho akajitungia sheria, na sheria yenyewe aliipenda kuliko watu wengi wanavyopenda Biblia zao. Nyongeza ni ya nyumba. Mshahara uliotulisha jana, alisema, utatulisha na leo. Kinachoongezeka juu yake ni cha Gem. Kila mara kampuni ilipoongeza mshahara, Phares alikwenda sako, chama chao cha akiba na mikopo, siku ile ile akapandisha makato ya akiba ya ujenzi. Hata Maurine alipomzoea alikuwa akisema, "Nyongeza imekuja, haya, tuipungie mkono ikienda Gem." Alisema akicheka, mwanzoni.

Usidhani Phares alikuwa bahili. Mwaka wa 2019 alikuwa akimpa Maurine elfu kumi na nane za jikoni, kila mwisho wa mwezi, bila kukosa. Vitu vilipopanda naye akapanda: akaongeza elfu moja mwaka wa 2022, akaongeza elfu nyingine 2024, zikawa elfu ishirini. Alijiona mume mwema. Na kweli, ukimlinganisha na wanaume wengine wa mtaa ule, ambao mwisho wa mwezi hutafutwa kwa tochi, alikuwa mwema.

Kisha siku moja alipita dukani kwa Ruqiya kununua wembe. Ruqiya ni mama mwenye adabu, ameendesha duka pale tangu mwanawe Keynan akiwa mchanga, na hakuwa na nia mbaya.

"Mzee, samahani," alisema akishusha sauti, "ile hesabu ya nyumbani, utaniangalia lini? Hata kidogo tu. Na mimi wauzaji wa jumla Eastleigh wananidai."

"Hesabu gani, Mama Keynan?"

Hesabu ilikuwa elfu thelathini na saba. Unga, mafuta, sabuni, sukari, unga, unga tena, miaka miwili na zaidi. Phares alisimama pale na wembe mkononi akahisi damu ikimpanda. Elfu ishirini kila mwezi, na bado deni! Akakumbuka kwamba Odongo, kaka yake Maurine, alikuwa ameonekana na gari la mitumba mwaka jana. Akaunganisha kimoja na kingine. Mtu akitaka kumshuku mkewe hakosi kamba ya kufungia.

Maurine aliitwa, akaja na Akech nyuma yake. Phares akamwambia mbele yao wote, na sauti ikasikika hadi kwa fundi viatu: "Mshahara wangu umepanda mara tano! Kwa elfu kumi na tisa! Na jikoni nimeongeza! Wewe unapeleka wapi? Kwa Odongo? Mwizi ni wewe, na Mama Keynan asikupe tena hata kiberiti kwa jina langu."

Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa, wiki ile ya kuitwa Donholm, chama cha wafanyakazi kilikuwa kinajiandaa kwa mazungumzo. Mkataba wa pamoja kati yao na kampuni ulikuwa unakaribia kwisha, na Mbithe, katibu wa tawi, alikuwa anatafuta slipu za kweli za miaka iliyopita ili aonyeshe nyongeza zilizotolewa zilifanya nini. Alikuwa ameuliza kiwanda kizima. Wengine walikuwa na ya mwezi jana tu. Wengine walimpa picha za simu zilizofifia. Phares aliposikia, aliona Mungu amempa njia. Atampelekea Mbithe bahasha, Mbithe atapiga hesabu, aandike kwenye karatasi ya chama kwamba mshahara wa Phares Oketch umepanda hivi na hivi, na karatasi hiyo ndiyo ataiweka mezani Donholm. Hapo tuone Odongo atasema nini.

Alikwenda Ijumaa baada ya zamu ya asubuhi. Mlangoni pa ofisi ya tawi alikutana na Munyao, kijana wa mashine ya kukata.

"Niaje, mzee! Umebeba eksirei, goti limekuangusha tena?"

"Goti liko sawa. Hii ni mishahara."

"Mishahara kwa eksirei," Munyao alisema, "basi itaonekana venye imekonda." Akaenda zake akicheka, na Phares naye akacheka kidogo.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la spea, dirisha likitazama malori ya Industrial Area. Mbithe alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Alipoona zile slipu, zimepangwa kwa mwaka, alishika kifua.

"Mzee Phares! Haya ni madini. Mungu akubariki. Nipe za Februari tu, kuanzia 2019."

"Kwa nini Februari?"

"Kwa sababu takwimu za serikali za bei zinaanzia hapo. Wamechukua kapu la vitu watu wanavyonunua, chakula, kodi, nauli, mafuta ya taa, wakasema bei ya kapu hilo Februari 2019 tuiite mia moja. Halafu kila mwezi wanapima kapu lile lile. Likifika mia na kumi, maana yake kilichokuwa cha shilingi mia sasa ni mia na kumi. Basi tukishika Februari kwa Februari, hatudanganyani."

Phares alitoa karatasi yake mwenyewe iliyokunjwa mfukoni. "Mimi nimeshapiga, Katibu. Angalia. Msingi ulikuwa elfu thelathini na mbili. Sasa ni elfu hamsini na moja. Nyongeza elfu kumi na tisa. Niandikie hivyo tu, uweke na muhuri."

Mbithe akaitazama karatasi, akatazama slipu ya 2022 na ya 2023, akaziweka bega kwa bega.

"Hapa 2023 msingi umeruka elfu kumi na mia mbili kwa mpigo. Uliona marupurupu ya nyumba yalikwenda wapi?"

Phares aliinama. Slipu ya 2022 ilikuwa na mshahara wa msingi elfu thelathini na sita na mia moja, na chini yake marupurupu ya nyumba elfu nane. Slipu ya 2023 ilikuwa na msingi elfu arobaini na sita na mia tatu. Mstari wa marupurupu haukuwepo.

"Waliyaingiza ndani ya msingi," Mbithe alisema. "Si haramu, mkataba ulisema hivyo, mshahara mmoja uliojumlishwa na nyumba. Lakini elfu nane hizo ulikuwa nazo tangu zamani. Zimehama chumba tu. Nyongeza ya mwaka ule ilikuwa elfu mbili na mia mbili."

"Lakini ilisomwa mkutanoni. Walisema msingi umepanda kwa zaidi ya robo."

"Ulipanda. Wewe hukupanda."

Phares alikumbuka alivyotoka mkutanoni siku ile, amenunua nyama kilo mbili, amemwambia Maurine elfu kumi, mama, elfu kumi! Na mwisho wa mwezi mkononi haikuonekana. Alilaumu kodi. Kila mtu alilaumu kodi mwaka ule.

"Basi tuangalie ya mkononi," alisema. "Mkononi ndiko ukweli."

"Mkononi ndiko kuna fujo zaidi, mzee. Tazama. Hapa unalipa mkopo wa sako, hapa umeumaliza, hapa akiba ya ujenzi imepanda. Halafu wamekuja na ushuru wa nyumba, na makato ya uzeeni yamepanda, na ya afya yamebadilika. Hao ni wezi wengine, nitawaandikia ukurasa wao. Leo namtafuta mwizi mmoja, bei. Kwa hivyo nachukua jumla kabla ya makato, msingi na marupurupu pamoja, kila mwaka vile vile. Ukichanganya wezi hutajua nani alichukua nini."

Neno mwizi lilimchoma Phares. Mbithe akavuta karatasi safi. Jumla ya 2019 ilikuwa elfu arobaini. Ya 2020 elfu arobaini na mbili. 2021, kwa sababu ya Corona, hapakuwa na nyongeza. Kisha arobaini na nne na mia moja, arobaini na sita na mia tatu, arobaini na tisa, hamsini na moja. Kando ya kila moja akaandika namba ya bei, akiikata desimali ili iwe rahisi: mia, mia na sita, mia na kumi na tatu, mia na kumi na nane, mia na ishirini na tisa, mia na thelathini na saba, mia na arobaini na mbili.

"Nyongeza zako tano ni elfu kumi na moja. Ile elfu kumi na tisa tuisahau."

"Elfu kumi na moja bado ni pesa," Phares alisema.

"Tuone. Ya kwanza, elfu mbili. Mwaka ule kapu lilipanda kutoka mia hadi mia na sita. Ili usimame pale pale ulipokuwa, ulihitaji elfu mbili na mia nne. Ukapewa mbili. Imeliwa yote, na mia nne zikachukuliwa kwenye mshahara wa zamani."

Phares alitikisa kichwa. Mia nne hata si nauli ya wiki.

"Ya pili ilikuja baada ya miaka miwili. Ulihitaji kufika arobaini na sita na mia saba hivi. Ukapewa arobaini na nne na mia moja. Imeliwa. Ya tatu, hii ya kuhamisha chumba. Bei zilipanda kwa asilimia tisa na kitu mwaka huo, ulihitaji elfu nne na mia moja, ukapewa mbili na mia mbili. Imeliwa, na karibu nyingine kama hiyo ikafuata. Ya nne, ulihitaji elfu mbili na mia tisa, ukapewa mbili na mia saba. Ilikaribia, lakini imeliwa."

"Na ya tano?"

Mbithe alipiga kwenye simu mara mbili. "Ya tano imepona. Ulihitaji elfu moja na mia nane, ukapewa elfu mbili. Imebaki mia mbili."

"Elfu mbili?"

"Mia mbili, mzee."

Malori yalipiga honi chini. Mbithe hakuwa mtu wa kupamba neno, aliendelea tu na kalamu yake. Elfu hamsini na moja, gawa kwa mia na arobaini na mbili, zidisha mia moja. Thelathini na tano elfu na mia tisa. "Hiki ndicho unacholipwa leo, ukikipima kwa pesa za 2019. Ulianza na arobaini. Umepanda ngazi mara tano na uko chini ya ulipoanzia kwa elfu nne na kidogo. Kusimama tu, bila kuongezeka, ungekuwa na hamsini na sita elfu na mia nane. Hii ndiyo nitaiweka mbele ya kampuni, na wakikataa, mbele ya mahakama. Na kumbuka hili ni kapu la wastani. Anayekula pesa yake yote kwa unga na mafuta ameumia zaidi, maana chakula ndicho kilichopanda vibaya."

Aliinua macho akaona uso wa Phares, akadhani ni hasira ya mfanyakazi. "Pole, mzee. Si wewe peke yako. Kiwanda kizima kiko hivi. Nikuwekee muhuri?"

"Niazime kalamu," Phares alisema.

Upande wa nyuma wa karatasi yake mwenyewe, ile ya elfu kumi na tisa, aliandika elfu ishirini. Akagawa kwa mia na arobaini na mbili kama alivyomwona Mbithe akifanya, akazidisha mia moja. Ikaja elfu kumi na nne na themanini. Alirudia, akidhani amekosea. Ikaja ile ile.

Mwaka wa 2019 alimpa Maurine kumi na nane. Sasa anampa kumi na nne. Alikuwa amemkata mkewe karibu elfu nne kila mwezi huku akimwambia amemwongezea mbili, na sheria yake, ile aliyoipenda, ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Hakukuwa na nyongeza yoyote ya kupeleka Gem. Kila aliporuka kwenda sako siku ya kupandishwa mshahara, alikuwa amebeba unga wa nyumba yake mwenyewe. Kuta zile zilizofika juu ya madirisha zilijengwa kwa sahani za Kaloleni, na sahani zilipopungua Maurine alikwenda kwa Ruqiya akazijaza kwa deni, kimya, ili mume asijue kwamba yeye si mume mwema aliyejidhania. Phares aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu udongo ule ulipoanguka juu ya jeneza la baba yake.

"Weka muhuri," alisema hatimaye. Akaikunja ile yake, akaitia mfukoni.

Jumamosi alivaa koti akatoka mapema. Njiani alifikiria kuichana karatasi. Hakuna aliyeijua, Mbithe haendi Donholm. Angeweza kusimama pale na kusema yaishe, tusamehe, mama arudi, na watu wa Maurine ni watu wa amani, wangekubali. Aliiweka mfukoni na kuitoa mara nyingi. Mwishowe aliona heri aibu ya siku moja, akabisha hodi.

Nyumba ya Clare ilikuwa ghorofa ya tatu, ndogo na safi. Odongo alikuwa ameketi karibu na dirisha, hakuinuka. Maurine aliketi kando ya dada yake, amevaa leso aliyokuwa akivaa akienda sokoni. Alikuwa amekonda. Au labda alikuwa amekonda siku nyingi, na ni leo Phares anamtazama.

"Shemeji, karibu," Clare alisema. "Sisi hatuna maneno mengi. Ulisema dada yetu ni mwizi. Tumeketi kusikia ameiba nini."

Phares alibaki amesimama. Aliitoa karatasi akaisoma yote, nyongeza moja moja, zilivyoliwa, mpaka ile mia mbili. Kisha akatoa ile yake ya elfu kumi na tisa, akaigeuza akasoma ya jikoni. Alisema hesabu imeonyesha kwamba Maurine hakuiba hata senti. Mwizi, kama ni lazima atajwe, ni bei, na yeye Phares ndiye aliyemfungulia mlango. Alisema kuanzia mwezi ujao akiba ya ujenzi atairudisha chini, jikoni iwe ishirini na tano elfu na mia tano, deni la Mama Keynan atalilipa yeye. Nyumba ya Gem ibaki na nyasi zake.

"Nimekukosea, Mama Akech," alisema. "Nimekukosea sana. Nimekuja kukuomba turudi nyumbani."

Odongo alikohoa. Bila shaka alikuwa amejiandaa kwa ugomvi na sasa hakujua mikono yake aiweke wapi. Clare alipumua kwa nguvu, akamgeukia dada yake, uso umelegea. Mtu yeyote angeona kesi imekwisha na imekwisha vizuri. Phares mwenyewe aliona hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu jana kifua kilimfunguka.

Maurine alinyoosha mkono. Phares akampa karatasi zote mbili. Aliitazama ya jikoni, kisha akaisoma ile ya Mbithe polepole, hakuwa na haraka.

"Huyu katibu wenu anajua kazi," alisema. "2022, hapa. Bei zimeanza kuruka. Wakati huo pakiti ya unga ilikuwa imepita mia mbili. Nilikuambia. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Phares alikumbuka. "Nilisema mwanamke mjanja hashindwi na unga."

"Na mafuta ya kupikia yalipopanda?"

"Nilisema unakaanga sana."

"Nilikuambia kila mwezi, Baba Akech. Kwa mdomo wangu. Mimi ndiye nilikuwa naenda dukani. Uliniona mropokaji, halafu ukaniona mwizi." Aliikunja karatasi vizuri kwenye mikunjo yake. "Leo umeniamini. Nashukuru. Lakini hujaniamini mimi, umeamini hii."

"Sasa si ni kitu kimoja? Si inasema ulichosema?"

"Kama hizo slipu zako zingelowa na mvua," Maurine aliuliza, "ningekuwa nani leo?"

Jibu Phares alilijua, na kila mtu chumbani alilijua. Bila karatasi angesimama pale pale alipokuwa amesimama sasa, na koti lile lile, akidai elfu kumi na tisa. Alitafuta namna ya kulisema ambayo haitakuwa hivyo, hakuipata. Maurine alimngoja. Alimngoja kwa haki kabisa, akimtazama machoni, kama mtu anayetamani kwa moyo wote kusikia kingine.

Kisha Maurine aliinuka akamrudishia karatasi zake.

"Deni la Mama Keynan ulilipe, yeye hana kosa. Mimi sitarudi."

"Dada," Clare alisema.

"Sitarudi, Clare. Nimechoka kuhitaji shahidi ndani ya nyumba yangu."

Akaingia jikoni. Walisikia chupa ya chai ikifunguliwa, vikombe vikigongana. Odongo alitazama dirishani. Phares aliketi kwenye kiti alichoonyeshwa, ukingoni, bahasha yake magotini, na alikuwa akilia bila kujificha, mwanaume mzima mbele ya shemeji zake.

Maurine alirudi na sinia. Alimpa Odongo kikombe chake, akampa Clare, kisha akasimama mbele ya Phares na kushika sinia kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Miaka ishirini na sita alikuwa amemtilia sukari bila kuuliza.

"Sukari vijiko vingapi?" aliuliza.